Kiungo kidogo kina kiwango cha mbofyo cha 13% lakini simu haziongezeki: wapi pa kuchungulia

Anayeendesha matangazo ya Google Search akiongeza viambatisho, baada ya wiki mbili hurudi na moja kati ya malalamiko mawili. Ama anasema "nimeviweka, vimekubaliwa, lakini sivioni", ama anafungua jedwali na kusema "kiungo hiki kinafanya maajabu, mbona mauzo yako palepale?" Lalamiko la kwanza halina ugumu. La pili ndilo linalowapoteza hata watu waliokaa na kazi hii miaka, kwa hiyo ndilo nitakalolikalia zaidi.

Tukubaliane majina kwanza. Viungo vidogo ni ile mistari ya kubofya inayokaa chini ya tangazo na kumpeleka mtu kwenye kurasa nyingine za tovuti yako. Kwenye akaunti vimeandikwa `Sitelink`. Vidokezo, yaani `Callout`, ni maneno mafupi yasiyobofyeka, kama "Fundi afika siku hiyo hiyo". Kitufe cha simu ni `Call`. Vyote ndivyo ninavyoviita viambatisho, na vinakaa sehemu inayoitwa `Assets`. Zamani sehemu hiyo iliitwa `Extensions`, na mafundi wengi bado wanaitaja hivyo.

Dalili: vimekubaliwa lakini havionekani

Neno `Eligible` kwenye safu ya hali halimaanishi kwamba kiambatisho kinaonyeshwa. Maana yake ni kwamba kinaruhusiwa kuonyeshwa. Kila mtu anapotafuta, mnada unafanyika, na mfumo unaamua upya kama tangazo lako litatoka na viambatisho, na vipi. Kuna kiwango cha chini cha daraja la tangazo, yaani `Ad Rank`, ambacho lazima kifikiwe kabla viambatisho havijaruhusiwa kutokea. Matangazo ya juu ndiyo yanayopewa nafasi kwanza. Tangazo lililoko chini ya ukurasa mara nyingi hutoka uchi: kichwa, maelezo, basi.

Kwa hiyo kabla hujaanza kufuta na kuandika upya, ongeza safu ya `Impr. (Top) %` kwenye jedwali la kampeni. Ikiwa asilimia 10 tu ya maonyesho yako yanatokea sehemu ya juu, umeshapata jibu. Viungo vyako ni vizima. Tatizo ni dau au ubora wa tangazo lenyewe.

Ikiwa unatokea juu mara kwa mara na bado viungo havionekani, angalia mambo ya kawaida. Kiungo kimoja peke yake hakitoshi kwenye kompyuta, vinatakiwa angalau viwili. Viungo vinavyopeleka watu kwenye ukurasa ule ule hukataliwa, hata kama umebadilisha maneno. Maneno ya kiungo yana kikomo cha herufi 25, na mistari miwili ya maelezo chini yake ina herufi 35 kila mmoja. Watu wengi huiacha mistari hiyo wazi kwa uvivu, halafu wanashangaa kwa nini viungo vya mshindani vinatoka vikubwa vyenye maelezo na vyao vinatoka kama uzi mmoja mwembamba. Ile sura kubwa haiwezi kutoka kama maelezo hayapo.

Na tafadhali usijitafute mwenyewe kwenye Google kila saa. Kila ukitafuta bila kubofya unaongeza onyesho lisilo na mbofyo, na unachokiona wewe sicho anachokiona mteja. Chombo cha `Ad Preview and Diagnosis` ndani ya akaunti kipo kwa kazi hiyo hiyo.

Upo pia uwezekano wa tatu unaowashtua watu: viungo vinaonekana, lakini si vyako. Mfumo hutengeneza viungo na vidokezo kutoka kwenye tovuti bila kukuuliza, na unaweza kukuta ukurasa wako wa "Sera ya faragha" umepandishwa kuwa kiungo cha tangazo. Vizimwe kwenye mipangilio ya `Account-level automated assets`, ndani ya `Assets`.

Dalili: kiungo kina kiwango kikubwa cha mbofyo kuliko kampeni yote

Chukua kampeni ya huduma ya kutengeneza friji. Namba nimezifanya za mviringo ili zihesabike kichwani. Kwa mwezi, tangazo limeonyeshwa mara 10,000 na kubofywa mara 600, yaani asilimia 6. Mwenye kampeni anafungua jedwali la viambatisho na kukuta kiungo cha "Bei za matengenezo" kimeandikiwa maonyesho 2,000, mibofyo 260, asilimia 13. Hesabu anayoifanya kichwani ni ya haraka: kiungo hiki kinafanya kazi mara mbili ya tangazo, niongeze vingine kumi.

Hapo kuna makosa mawili yaliyopandana.

Kosa la kwanza ni la kusoma jedwali. Ile mibofyo 260 si mibofyo ya kiungo. Ni mibofyo ya tangazo zima katika yale maonyesho 2,000 ambayo kiungo kilikuwepo. Mtu akibofya kichwa cha tangazo huku kiungo kimekaa chini kimya, kiungo nacho kinaandikiwa mbofyo. Kidokezo, ambacho hakibofyeki kabisa, nacho kitakuwa na mibofyo kwenye jedwali hilo, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asite.

Ili kutenganisha, bonyeza `Segment`, kisha chagua `Click type`. Hapo utaona mibofyo ya kichwa peke yake, ya viungo peke yake, na ya kitufe cha simu peke yake. Katika kampeni yetu, viungo vyote vinne kwa pamoja vilibofywa mara 50 kati ya mibofyo 600. "Bei za matengenezo" kilichangia 14. Usijumlishe maonyesho ya mistari hiyo, maana onyesho moja lililotoka na kichwa, viungo na kitufe linahesabiwa kwenye kila mstari. Jumla sahihi ni ile ya chini ya jedwali.

Kosa la pili ni la kufikiri, na ni kubwa zaidi. Kiungo kilitokea katika maonyesho gani? Yale ya juu. Na tangazo la juu linabofywa zaidi hata likiwa halina kitu chini yake. Gawa kampeni kwa `Top vs. Other` na picha inafunguka:

Maonyesho ya juu yalikuwa 4,000 na yakaleta mibofyo 480, asilimia 12. Maonyesho mengine yalikuwa 6,000 na yakaleta mibofyo 120, asilimia 2.

Sasa ule uzuri wa asilimia 13 umeshapungua. Ukiilinganisha na 12 ya matangazo yote ya juu, tofauti ni nukta moja tu. Na hata hiyo haijathibitika, kwa sababu ndani ya "juu" kuna nafasi ya kwanza kabisa na kuna zinazofuata, na viungo hupenda kukaa kwenye ile ya kwanza. Kiungo kimejikuta pazuri, nasi tukadhani kimepafanya pawe pazuri.

Kupima kwa kukiondoa

Njia pekee ya kujua kiungo kinaleta nini ni kukiondoa na kutazama kinachobaki. Sipendi kufanya hivi kwenye kampeni yenye mibofyo michache, kwa sababu bahati peke yake inaweza kuyumbisha namba. Kwenye kampeni ndogo subiri zaidi, au acha tu. Lakini kama una mibofyo mia kadhaa kwa mwezi, badilisha kwa zamu: wiki moja na viungo, wiki moja bila, wiki moja navyo, wiki moja bila. Usiguse dau, usiguse bajeti, usibadilishe maneno ya tangazo. Zima pia vile vinavyotengenezwa na mfumo, la sivyo wiki za "bila" zitakuwa na viungo vya kujipachika. Na hakikisha viungo vyako havipo kwenye ngazi ya akaunti, maana tangu 2022 viungo vya ngazi ya juu vinaweza kutokea hata kwenye kampeni yenye viungo vyake yenyewe.

Tuseme wiki za "navyo" zilitoa zile zile namba za juu, na wiki za "bila", zikipigwa kwa kila maonyesho 10,000, zilitoa hivi: sehemu ya juu maonyesho 3,600 kwa asilimia 11, na kwingine maonyesho 6,400 kwa asilimia 2. Hiyo ni mibofyo 396 na 128, jumla 524. Tofauti na 600 ni mibofyo 76.

Angalia kwamba vitu viwili vimebadilika kwa pamoja. Kiwango cha mbofyo sehemu ya juu kimeshuka kutoka 12 hadi 11, na sehemu yenyewe ya juu imepungua kutoka maonyesho 4,000 hadi 3,600. Huku kupungua kwa pili ndiko watu wanakosahau. Tangu Oktoba 2013, Google inahesabu matokeo yanayotarajiwa ya viambatisho ndani ya daraja la tangazo, pamoja na dau, ubora wa tangazo na ukurasa anaofikia mteja, ushindani wa mnada, na mazingira ya utafutaji wenyewe kama vile kifaa na mahali mtu alipo. Ukiviondoa, daraja linashuka na unasukumwa chini katika baadhi ya minada. Kwa hiyo anayesema "nitalinganisha nafasi ya juu kwa nafasi ya juu tu ili niwe wa haki" naye anakosea: ameitupa nusu ya faida.

Ili uone kila nusu ina uzito gani, fanya hesabu ya katikati. Rudisha nafasi lakini acha kiwango cha mbofyo kama kilivyokuwa bila viungo: 4,000 kwa asilimia 11 ni 440, ongeza 120, unapata 560. Kutoka 524 hadi 560 ni mibofyo 36 iliyoletwa na kupanda daraja. Kutoka 560 hadi 600 ni mibofyo 40 iliyoletwa na sura ya tangazo, yaani tangazo kuchukua nafasi kubwa kwenye skrini na kumwonyesha mtu kwamba kile anachokitafuta kipo.

Kampeni hii imetoka asilimia 5.24 hadi 6. Ni faida ya kweli, na inafaa kazi ya nusu saa iliyotumika kuandika viungo. Lakini si ile "mara mbili" ya jedwali. Na utaona kwamba mibofyo iliyoongezeka, 76, ni mingi kuliko mibofyo 50 iliyofanywa kwenye viungo vyenyewe. Kiungo kisichobofywa si lazima kiwe kibovu. Huenda ndicho kinachofanya kichwa kibofywe. Ndiyo maana siwafuti "wavivu" kwa kuangalia `Click type` peke yake.

Tahadhari moja: kama kampeni inatumia dau la kujiendesha, mfumo utarekebisha dau wiki za "bila" ili kufidia, na tofauti ya nafasi itafichika. Itaibukia kwenye bei ya mbofyo. Itazame safu ya `Avg. CPC` sambamba.

Dalili: alama ya ubora haijasogea

Haitasogea. `Quality Score`, ile ya 1 hadi 10, inapimwa kwa kiwango cha mbofyo kinachotarajiwa baada ya kuondoa athari za nafasi na za viambatisho, pamoja na uhusiano wa tangazo na neno lililotafutwa, na ukurasa anaofikia mteja. Viambatisho vinaingia kwenye daraja la tangazo wakati wa mnada, haviingii kwenye alama hii. Mtu aliyeongeza viungo sita ili atoke 4 aende 7 ameshika dawa ya ugonjwa mwingine. Aanze na maneno ya tangazo na ukurasa wake.

Mwenzake na hilo ni swali la bei. Mbofyo kwenye kiungo unatozwa kama mbofyo kwenye kichwa, na onyesho moja halitozwi zaidi ya mibofyo miwili hata mtu afungue viungo vyote. Hata hivyo wastani wa bei unaweza kupanda baada ya kuongeza viambatisho, kwa kuwa sasa unashindania na kupata nafasi za juu ambazo hukuwa unazipata. Au unaweza kushuka, kwa sababu unapata nafasi ile ile kwa daraja lenye nguvu zaidi. Yote mawili ni ya kawaida, na huwezi kujua ni lipi bila kuweka bei karibu na `Impr. (Top) %`.

Dalili: kitufe cha simu kinabofywa, simu haiiti

Kitufe cha simu kina tabia yake. Kwenye simu ya mkononi, mtu akikigusa unatozwa hapo hapo, hata kama ataona namba imejiandika tayari kupigwa kisha akaghairi. Kwa hiyo miguso na simu zilizopigwa haziwezi kulingana, na pengo dogo halina tatizo. Pengo kubwa ndilo la kuchunguzwa.

Niliwahi kukabidhiwa akaunti ya mafundi iliyokuwa na pengo hilo. Mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba ni washindani wanamgusia kitufe kwa makusudi. Tukafungua ripoti ya simu, ambayo hupatikana nchi zenye namba za kuelekeza simu za Google, na inayoonyesha saa simu ilipoanza, muda iliochukua, na kama ilipokelewa. Zilizokosa kupokelewa zilikuwa zimerundikana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku. Asubuhi hakukuwa na simu hata moja, wakati friji huharibika usiku na watu hutafuta fundi wakiamka.

Ratiba ya kitufe ilikuwa imeandikwa 08:00 hadi 17:00, saa zao za ofisi, na ilionekana sawa kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba ratiba inafuata saa ya akaunti, na aliyeifungua akaunti aliiwekea majira ya eneo lingine, saa tatu nyuma. Kwa hiyo 08:00 ya akaunti ilikuwa saa tano asubuhi kwao, na 17:00 ilikuwa saa mbili usiku. Asubuhi nzima tangazo lilitoka bila kitufe, na jioni kitufe kiliita ofisi iliyofungwa. Hatukugusa kitu kingine: ratiba ikaandikwa upya kuwa 05:00 hadi 14:00 ya akaunti, ambayo ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukitaka kujua yako, fungua mipangilio ya akaunti na usome `Time zone` kabla hujashuku mshindani.

Kama saa ziko sawa na bado simu ni chache, angalia urefu. Mfumo huhesabu simu kuwa na maana inapofika sekunde 60, ndiyo namba unayoikuta imewekwa mwanzo. Fundi anayesema "ndiyo tupo, niambie unaishi wapi, nakuja" anaweza kumaliza kwa sekunde 40, na simu zake bora zote zisihesabiwe. Sikiliza simu zenu za kawaida, pima, halafu shusha au pandisha kiwango hicho.

Dalili: mibofyo imepanda kweli, kazi hazijapanda

Hapa kosa huwa kwenye kiungo kimoja. Rudi kwenye ile kampeni ya friji na usome maneno ya viungo vinne: "Bei za matengenezo", "Maeneo tunayofika", "Maswali ya wateja", "Nafasi za kazi". Cha mwisho kilibofywa mara 22 kati ya 50, na kila mbofyo ulitozwa kama wa mteja. Fundi anayetafuta ajira alikuwa analipiwa na kampuni anayotaka kuajiriwa nayo. Kiungo hicho kikaondolewa, na mahali pake pakawekwa "Friji haigandishi", ukurasa unaoeleza tatizo hilo moja na una namba ya simu juu kabisa.